Maswali na majibu: Wa kubadili nywila asipewe Global Administrator

Kijana wetu wa dawati la msaada kazi yake ni nywila tu. Nikampa cheo cha Global Administrator kwenye Microsoft 365 asinisumbue. Wenzangu wanasema nimeharibu, ni kweli? (Chumbageni, Tanga)

Ni kweli, na swali hili nimelijibu hadi nimechoka. Mwenye cheo hicho anaweza kufuta akaunti, kujipa ruhusa ya kusoma barua za mkurugenzi, na kukuvua wewe cheo chako. Kijana anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini anayemwibia nywila si mwaminifu. Akibofya kiungo cha uongo siku moja, aliyemtumia anaingia na mamlaka yote uliyompa.

Ingia admin.microsoft.com, fungua Users, kisha Active users, bofya jina lake, halafu Manage roles. Ondoa alama kwenye Global Administrator, weka kwenye Helpdesk Administrator, hifadhi. Mwambie atoke kwenye akaunti aingie upya. Kuanzia hapo atabadili nywila za wafanyakazi wa kawaida, atawatoa kwenye vifaa walivyoingilia, na atafungua maombi ya msaada Microsoft. Hataunda akaunti wala kugawa leseni. Hiyo ni kazi ya User Administrator, na hujasema anaifanya.

Hukuuliza, lakini nakwambia: cheo cha Helpdesk Administrator kiwekwe kwenye akaunti ya pili, si ile anayosomea barua pepe. Akaunti ya pili haihitaji kununuliwa leseni, kwa hiyo usiniambie bajeti hairuhusu.

Nimempa Helpdesk Administrator kama ulivyoelekeza. Wote anawabadilishia nywila, ila mhasibu mkuu inagoma. Mfumo una hitilafu? (Raskazone)

Mfumo uko sawa. Angalia vyeo vya mhasibu, na nadhani utakuta Billing Administrator, aliyopewa ili alipie ankara. Helpdesk Administrator haruhusiwi kugusa nywila ya mtu mwenye cheo cha usimamizi, isipokuwa vyeo vichache vidogo, kama Helpdesk mwenzake. Lingekuwa jambo la hatari kama ingewezekana: angebadili nywila ya aliye juu yake, akaingia kwa jina lake, na cheo kidogo kingegeuka kikubwa kwa dakika mbili.

Mvue mhasibu cheo hicho kama hakitumii, au mfungulie akaunti ya pembeni kwa ajili ya ankara. Usimpandishe kijana cheo ili afike kwa mhasibu.

Ila angalia na upande wa pili. Mkurugenzi asiye na cheo chochote kwenye mfumo, huo mfumo unamwona ni mfanyakazi wa kawaida, kwa hiyo Helpdesk anaweza kubadili nywila yake. Kinachomzuia asiingie kwenye barua zake ni uthibitisho wa pili wa simu. Ofisi ambayo haijauwasha haina kizuizi.

Dada wa mapokezi kapoteza simu ya kuthibitishia. Nywila imebadilishwa mara tatu, bado haingii. (Muheza)

Hata mkibadilisha mara thelathini. Tatizo ni simu, si nywila. Anayeweza kumwondolea simu ya zamani ni Authentication Administrator. Cheo hicho mpe msimamizi, si kijana wa nywila, kwa sababu chenyewe kinabadili nywila pia, na mwenye nacho anaweza kuingia kama mfanyakazi yeyote wa kawaida.

Tuna matawi Tanga mjini na Korogwe. Naweza kumfunga wa Korogwe awaguse watu wa Korogwe tu? (Korogwe)

Unaweza, na ningefurahi wengi wangeuliza hivi. Ingia entra.microsoft.com, tengeneza Administrative unit, yaani kitengo cha usimamizi, ya Korogwe, waingize wafanyakazi wa tawi, kisha mpe kijana Helpdesk Administrator ndani ya kitengo hicho. Hakikisha hana cheo hichohicho kwa ofisi nzima, maana ukikisahau, kitengo hakimfungi.

Wengi hukwama hapa: wanaingiza kikundi cha Korogwe wakidhani wanachama wake wameingia nacho. Hawaingii. Kijana atasimamia kikundi kama kikundi, lakini nywila za waliomo hatazigusa. Waingize watu wenyewe, mmoja mmoja au kwa orodha. Anayepewa cheo cha kitengo anahitaji leseni ya Entra ID P1, ambayo imo ndani ya kifurushi cha Microsoft 365 Business Premium. Wafanyakazi wanaosimamiwa hawaihitaji.

Basi nimewavua wote, nimebaki Global Administrator peke yangu. Safi? (Pangani)

Hapana. Ukipoteza simu, mmefungiwa nje wote. Wawe angalau wawili, na wasifike watano.

Mtu akipiga simu akasema ni meneja, kijana ambadilishie? (Ngamiani)

Akate, kisha yeye ndiye ampigie meneja kwa namba iliyo kwenye faili la ofisi. Akikuta meneja hajui habari hiyo, aje akwambie siku hiyohiyo, na nywila asiiguse.