Chupa ile ile, picha sita

"Wakuu, nauza sabuni ya maji. Nimeipiga picha sehemu nne tofauti na kila picha inaonekana kama bidhaa nyingine. Kijani cha lebo huku kimekuwa bluu, kule njano, na chupa mara nene mara nyembamba. Mnafanyaje?"

Mkuu, mimi hayo nilifunzwa na mafuta ya nazi. Mama mmoja wa Mbagala anayekamua mwenyewe alitaka picha sita: studio, jikoni, bafuni, barazani, dukani Kariakoo na Coco Beach jua likizama. Chupa ya kioo, lebo ya kijani.

Tulianzia studio, kiyoyozi kikivuma. Baada ya saa mbili mafuta yakawa meupe pe! Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na Dar ukiwa nje huwezi kuligundua hilo. Picha ile ukiiweka kando ya ile ya ufukweni, mteja angeapa moja ni losheni. Siku ya Coco ikawa kinyume: chupa imetoka kwenye gari lenye baridi, ikavuja jasho, lebo ikaanza kuvimba. Sasa naiacha ndani ya mfuko uliofungwa mpaka ipate joto la nje, ndipo naitoa.

Na iwe chupa moja kazi nzima. Lebo zinazobandikwa kwa mkono hazilingani, moja imepanda, nyingine imeinama. Chini ya kitako naweka alama ya kalamu inayotazama kamera, ili kila mahali chupa isimame kwa mgeuko ule ule.

Huo unene na wembamba unatokana na umbali. Ukiisogelea chupa na simu, sehemu iliyo karibu na lenzi inavimba na mabega yanakimbia nyuma. Nina kamba yenye fundo kwenye mita moja na nusu, toka lenzi hadi chupa, na fundo jingine la kimo cha lenzi kutoka usawa wa kitako. Kwa simu, rudi nyuma utumie zoom ya 2x. Usipime kwa macho, macho yanadanganywa na mandhari.

Rangi ndiyo iliyonitoa jasho. Kamera ikiachwa kwenye Auto inakisia rangi ya mwanga kila picha, na ikiona majani mengi au ukuta wa njano inakisia vibaya. Napiga RAW, yaani faili ghafi la kamera, na kila mahali picha ya kwanza chupa inashika kadi ya kijivu, ile ya wapiga picha, pale pale na kwa mwanga ule ule. Kwenye programu ya Lightroom nagusa kadi kwa White Balance Selector, kisha nanakili marekebisho kwa picha zote za eneo hilo. Mwanga ukibadilika, wingu likipita, kadi inarudi.

Kuna mahali kadi inashindwa. Kariakoo, mwanga wa mlangoni ulipiga upande mmoja wa chupa na taa ya balbu ya njano upande wa pili. Ukisawazisha huu, ule unaharibika. Tulimwomba mwenye duka azime taa, tukatumia mlango peke yake na karatasi nyeupe upande wa kivuli. Barazani tatizo lilikuwa ukuta wa kijani uliomulika mafuta yakaonekana kama dawa ya kikohozi. Kioo kinabeba kilicho nyuma yake, kwa hiyo nilikata kadi nyeupe yenye umbo la chupa, ndogo kidogo kuliko chupa, nikaiegemeza nyuma isionekane na kamera. Tangu hapo ninayo kila mandhari. Sabuni yako kama inapenyeza mwanga, anza na hiyo.

Kukagua, nakata lebo kutoka kila picha, nazipanga safu moja kwenye skrini moja na kusoma namba za RGB za kijani kile, yaani nyekundu, kijani na bluu kwa mpangilio huo. Studio ilisoma 34, 110, 62. Barazani kabla ya kadi ya kijivu 61, 118, 40. Nyekundu imepanda, bluu imeshuka, ndiyo maana iligeukia njano. Tofauti ya namba tano sita siisumbukii. Hakikisha tu unasoma sehemu isiyo na kivuli wala mng'ao.

Picha ya Coco ndiyo tuliyobishania. Nilipoisawazisha kabisa, lebo ilikuwa sahihi lakini chupa ilionekana imebandikwa juu ya machweo ya mtu mwingine. Mwisho nilirudisha ujoto kidogo kwenye kioo na mchanga kwa Mask, yaani kuchagua sehemu hizo tu, nikaiacha lebo peke yake ikiwa sawa na zile tano. Yule mama aliitazama kwa muda, akasema, "Haya, hii ni yangu."