Kopo la septrini halijaisha kazi: kwa wageni wa benchi letu la CTC

Jumanne iliyopita nilikuwa zamu ya kuelimisha rika, benchi la nje, ule upande unaopigwa na jua la asubuhi. Akaja kijana mmoja, mwezi wa tano kwenye TLD, dawa yetu ya VVU, mashavu yamerudi, shati limembana. Ananisalimia kwa raha zake: "Shikamoo dada. Yale madude makubwa nilishaacha, nameza TLD tu. Septrini nimempa mama mkwe, tumbo lilikuwa linamsumbua." Benchi zima likacheka. Mimi nilishindwa. Kinga yake, yaani CD4, alipoanza ilikuwa 52, na huyo ni wa tatu mwezi huu kuniletea habari hiyo hiyo kwa tabasamu hilo hilo.

Basi wadogo zangu, hasa nyinyi mlioingia na CD4 chini ya 200, au mlioingia mkibebwa, nisikilizeni kidogo. Nimekaa kwenye mabenchi haya miaka kumi na moja, na nyingi ya hasara zenu nilishazilipia mimi.

1. Unachokisikia mwilini si CD4.

Mmeona Jangwani mvua ikikatika. Maji yanakauka ndani ya siku chache, watu wanafagia tope, wanarudi kulala. Lakini ukuta uliodondoka bado umedondoka. TLD inakausha maji haraka sana: wiki chache tu virusi vinashuka, hamu ya kula inarudi, kilo zinaongezeka, jirani anakusifia. CD4 ndiyo ule ukuta. Inapanda polepole, kwa wengine kama 50 hadi 100 kwa mwaka baada ya ule mruko wa mwanzo, kwa wengine chini ya hapo. Kwa hiyo kuna kipindi kirefu unapendeza kwenye picha huku kinga yako bado ni ya mgonjwa. Septrini inalinda kipindi hicho.

Inalinda dhidi ya nini? Kwanza nimonia ya PCP. Inaletwa na kuvu ambaye wengi wetu tulishamvuta kwa pumzi tangu utotoni bila kumjua, na yale matibabu ya flukonazoli tuliyopewa kwa utando mweupe wa mdomoni hayamgusi. Pili tokso, kijidudu kinacholala mwilini kimya na kuamkia kichwani CD4 ikiwa chini ya 100. Juu ya hapo inapunguza baadhi ya maambukizi ya bakteria, na malaria pia. Vyote hivyo kwa miligramu 960 kwa siku, yaani vidonge viwili vya 480 au kimoja kikubwa. Haipigani na VVU hata kidogo, hiyo ni kazi ya TLD. Wala TLD haikai mlangoni kuzuia PCP wakati CD4 bado ni 80.

2. Kosa langu.

Hili nalisimulia kwa aibu, na mnisamehe nikienda mbali.

Nilianza dawa nikiwa na kilo 47 na CD4 38. Mwezi wa tano nilikuwa kilo 58, nimerudi Kariakoo kuuza khanga, stoo yetu ghorofa ya tatu, lifti haijawahi kufanya kazi tangu niijue. ARV nilikuwa sikosi hata siku moja. Septrini ndiyo nikaichoka: kubwa, chungu, inaacha unga kooni, na lile kopo linachakarika kwenye pochi kama njuga, daladala nzima inageuka. Nikajiambia, virusi ndiyo ugonjwa, virusi vinashughulikiwa, hii nyingine ya nini? Nikaacha. Mwezi wa sita kipimo cha wingi wa virusi kikatoka havionekani, nikaona nilikuwa na akili. CD4 siku hiyo ilisoma 84. Sista aliniambia, nikaisikia, nikaitupa. Niliondoka na lile neno moja tu, havionekani.

Dirishani niliendelea kuchukua septrini kama kawaida ili nisiulizwe. Chini ya kitanda makopo manne, yamejaa.

Mwezi wa nane kikohozi kikaanza. Kikavu, hakitoi kitu. Nikasema vumbi la Kariakoo. Wiki ya pili nikawa nasimama ghorofa ya pili kupumzika, najifanya naangalia simu. Wiki ya tatu nasimama kila ngazi ya kumi. Homa ya jioni, si kali. Nikanywa dawa ya maji ya kikohozi, nikanunua amoksilini duka la dawa, nikamaliza dozi, hakuna kilichobadilika. Mkikumbuka kitu kimoja kwenye hadithi hii, kumbukeni namna ilivyokuja: PCP haivamii siku moja, inakuja kwa wiki kadhaa, na inaanzia kwenye ngazi. Ukikaa kitini unajiona mzima.

Nikaenda kliniki. Dokta akasikiliza kifua, kisafi. Makohozi ya TB hayakutoka kirahisi, yalipopatikana yakasoma hasi. Akanibana kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni, 94. Kisha akafanya jambo la akili, akanitembeza korido kwenda na kurudi, akabana tena: 88. Akakunja uso. Akaniuliza, "Septrini unameza?"

Nikajibu, "Ndiyo dokta, kila siku."

Sijui kwa nini. Yaani najua. Alikuwa kijana mpole, alinisifia virusi vyangu dakika tano kabla, sikutaka kuharibu. Akafungua faili, akaona nimechukua kila mwezi, akaandika. Na akili yake ikaenda kwingine, ndivyo inavyotakiwa kwenda, kwa sababu anayemeza septrini kila siku PCP ni nadra kumpata. Nikapewa dawa za nimonia ya kawaida na ahadi ya kurudi baada ya siku tatu.

Siku ya pili usiku nilishindwa kumaliza sentensi. Mdogo wangu alinipakia kwenye bajaji kutoka Tandika, nimekaa nimeinamia magoti maana kulala siwezi. Kibanio kilisoma 79. Nikiwa na mpira wa oksijeni puani, dokta wa zamu, mama mtu mzima, akaniinamia akauliza lile swali tena. Sikuwa na pumzi ya kudanganya. Nikatikisa kichwa.

Ndani ya saa moja walikuwa wameanza matibabu, na sikilizeni dawa yenyewe ilikuwa nini. Septrini. Ile ile niliyoitupa chini ya kitanda, ila sasa si viwili: vinne mara tatu kwa siku, vidonge kumi na viwili, siku 21, na prednisoloni juu yake kwa sababu oksijeni ilikuwa imeshuka. Kichefuchefu kwa dozi ile si mchezo, kila kumeza nilikuwa naona makopo yangu manne. Yule dokta kijana alipita wodini siku ya sita. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniambia juzi, ningeanza juzi." Mpaka leo nikikutana naye natafuta pa kuangalia.

3. Kwa hiyo, ukiwa umeacha, sema umeacha. Faili linaonyesha ulichochukua, halionyeshi ulichomeza. Sisi waelimishaji tutakusema, kweli, dakika mbili. Vumilia.

4. Madogo madogo.

Meza pamoja na TLD, saa ile ile, hazigombani. Na chakula au bila chakula, maji bilauri nzima. Ukisahau, meza ukikumbuka siku hiyo hiyo, kesho usizidishe. Kopo likipiga kelele, weka pamba juu ya vidonge.

Na usigawe! Najua mitaani septrini ni dawa ya tumbo, kila nyumba inaijua hivyo. Nikamuuliza yule kijana, mama mkwe anaendeleaje? Akakuna kichwa. Kumbe mama alimeza viwili jioni, viwili asubuhi, akatoka upele mwili mzima. Nikauliza kama zamani alishawahi kudhurika na Metakelfini au Fansida. Akapiga simu pale pale benchini. Ndiyo, mwaka fulani alibabuka midomo. Hizo zote zina salfa, na septrini ina salfa.

Kwa hiyo na wewe unayeanza: kama salfa iliwahi kukudhuru, sema kabla ya kidonge cha kwanza. Mzio wake hupenda kujitokeza ndani ya wiki mbili za mwanzo. Upele wa kuwasha tu, rudi kliniki wakuangalie. Upele wenye malengelenge, vidonda mdomoni, macho mekundu, au ngozi inayochubuka: acha hapo hapo na nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe yako. Wapo wanaobadilishiwa kuwa dapsoni, ingawa kwa tokso dapsoni peke yake haitoshi. Na dada zangu wajawazito, mkienda kliniki ya mama waambieni mnameza septrini, msipewe SP ya malaria juu yake.

5. "Sasa tutaacha lini?"

Swali halali, na jibu si "nikijisikia vizuri". Dokta anaangalia kama umetulia kwenye ARV, virusi vimefubaa, na CD4 imepanda ikakaa juu. Kipimo kinachotumika sana ni kuvuka 350. Mimi mwaka wa pili nilikuwa 219, nikaambiwa endelea. Mwaka wa tatu 301, endelea. Mwaka wa nne 388, dokta ndiye aliyeandika kusitisha, kwa kalamu yake. Lakini usishangae jirani yako wa benchi ana CD4 500 na bado anameza: mwongozo wa WHO wa 2014 unasema penye malaria nyingi au maambukizi mengi makali ya bakteria, septrini iendelee hata CD4 ikiwa juu. Kwa hiyo msipimane kwa makopo. Na virusi vikipanda tena au CD4 ikianguka, aliyesitishiwa anaanza upya.

Yule kijana nilimpeleka mwenyewe kwa sista, akasema ukweli wote, wa mama mkwe pia. Wakamsikiliza kifua, wakamtembeza korido, 98 kwenda, 97 kurudi. Alipotoka dirishani na kopo jipya alilitikisa sikioni, akanigeukia:

"Dada, ile pamba unanunua wapi?"