Mashine yangu ya randa ilibebwa nikiwa nimelipa zaidi ya theluthi mbili

Karakana yangu ya useremala iko Nakuru. Mashine ya kwanza ya randa niliichukua kwa haya pachesi, yaani unakodi huku unanunua, nayo inabaki mali ya mkopeshaji hadi shilingi ya mwisho. Bei taslimu ilikuwa 900,000. Nilitoa amana ya 180,000, kisha awamu 24 za 40,800, jumla 1,159,200.

Nililipa awamu 16, kazi ikapungua, mbili zikanipita. Asubuhi moja madalali wakaja na lori. Niliwaambia kwamba nimeshalipa 832,800, zaidi ya theluthi mbili, na sheria inawataka waende mahakamani kwanza. Kweli, Sheria ya Haya Pachesi ya Kenya, Sura ya 507, inasema hivyo, na amana inahesabiwa humo. Lakini wakili alinionyesha nilichokosa: sheria hiyo haimhusu mnunuzi ambaye ni kampuni iliyosajiliwa, nami nilikuwa nimesaini kwa jina la kampuni yangu. Mwenye biashara anayesaini kama mtu binafsi ndiye anayelindwa, tena bei yote isipozidi shilingi milioni 4. Iliniuma sana.

Kwa hiyo ukinunua kwa jina la kampuni, ulinzi wako ni ule tu ulioandikwa kwenye mkataba. Soma kifungu cha kutwaa mali kabla ya kile cha awamu. Changu kiliwaruhusu kuingia karakanani awamu moja ikichelewa, bila notisi, na gharama za madalali juu yangu. Kwenye mkataba wa pili niliomba mambo mawili: notisi ya maandishi ya siku 14 yenye nafasi ya kulipa malimbikizo, na theluthi mbili ile ile, iandikwe kama sharti la mkataba. Walikubali baada ya kuvutana wiki nzima.

Kisha uliza ukimaliza mapema itakuwaje. Chukua mkopo wangu ule ule: 720,000 kwa riba ya 259,200 kwa miezi 24. Ukitaka kulipa yote baada ya mwezi wa 12, zimebaki awamu za 489,600. Riba ikigawanywa sawasawa kwa kila mwezi, nusu yake, 129,600, inaondolewa, nawe unalipa 360,000. Lakini wakopeshaji wengi huilundika riba kwenye miezi ya mwanzo: mwezi wa kwanza hubeba mafungu 24, wa pili 23, hadi 1, jumla 300. Miezi 12 ya mwisho ina mafungu 78 tu, hivyo punguzo linashuka hadi 67,392, na unadaiwa 422,208. Hapo hujatozwa faini yoyote ya kumaliza mapema, ambayo nayo huwa kwenye ukurasa mwingine.

Kama mkataba unasema tu "punguzo kwa hiari ya mkopeshaji", usisaini. Waandike hesabu, na waambatanishe jedwali la kiasi utakachodaiwa ukimaliza kila mwezi.