Arete ya waziri na kifungo cha mteja wako: kwa mastajieri wa baro

Wadogo zangu mnaoanza staji, kila kundi jipya linalofika hapa Lubumbashi linaandika mstari ule ule: "Waziri hana uwezo wa kuunda kosa la jinai, kwa hiyo mteja wangu aachiliwe." Hakuna kifungu, hakuna hesabu ya adhabu. Mwendesha mashtaka anajibu kwa dakika mbili, na mtu anarudishwa Kasapa. Hoja yenyewe ni nzuri. Inaharibiwa na jinsi mnavyoibeba, na anayelipa ni mtu anayelala ndani. Ndiyo maana naandika, na naomba msome mpaka mwisho.

1. Wekeni kando kwanza kitabu cha Wafaransa

Wengi wenu mmejifunza jinai kwa vitabu vya Paris, na humo mmesoma kwamba makosa madogo, yale wanayoita kontravansio, yanaweza kuundwa kwa dekre. Kwao ni kweli. Katiba yao ya 1958, kifungu cha 34, inamwachia mtunga sheria makosa ya ngazi mbili za juu tu, krimu na deli. Ngazi ya tatu ilibaki kwa serikali, na tangu Machi 1994 kontravansio haibebi kifungo tena huko.

Sasa fungua Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 122, nukta ya 6. Inasema sheria ndiyo inayoweka makosa na adhabu zake. Haikuchagua makosa makubwa ikaacha madogo. Na haikuweza kufanya hivyo, kwa sababu Kodi yetu ya jinai, ile ya tarehe 30 Januari 1940, haina ngazi tatu: kwetu kosa ni kosa, liwe la siku saba au la maisha. Kwa hiyo siku mwenzako wa palke akikuambia "hili ni kontravansio tu, waziri anaweza", mwombe akuonyeshe neno hilo liko wapi katika kifungu cha 122. Kisha mpeleke kifungu cha 17, kinachosema hakuna mtu anayeshtakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa ila kwa nguvu ya sheria.

Wenzetu wa Goma waongeze kifungu cha 61. Hali ya kuzingirwa iliyoanza Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ilihamisha mamlaka mengi kwa wanajeshi, lakini kanuni hii ya uhalali wa makosa na adhabu imo katika orodha ya mambo ambayo hayaguswi hata wakati huo.

2. Msihukumu andiko kwa jina lake

Kodi ya jinai ya 1940 inaitwa dekre. Marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 30 Desemba 2017 nayo ni dekre. Ya kwanza ina nguvu ya sheria. Ya pili ni tendo la Waziri Mkuu. Chini ya Hati ya Koloni ya 1908, mfalme wa Ubelgiji alitunga sheria za Kongo kwa dekre, na kifungu cha 221 cha Katiba kimeacha maandiko ya zamani yaendelee pale yasipopingana nayo. Leo Waziri Mkuu anatoa dekre kwa kifungu cha 92, waziri anatoa arete kwa kifungu cha 93, na wote wawili wako chini ya sheria. Ordonansi-lua za kifungu cha 129 ni jambo jingine: hizo zinaruhusiwa na Bunge kwa muda na kwa mambo yaliyotajwa, na mswada wa kuziidhinisha usipowekwa mezani kwa wakati, zinakufa. Kwa hiyo kabla ya kusema "hii ni dekre tu", tazama mwaka na aliyetia saini.

3. Tenganisha katazo na adhabu

Hapa ndipo kazi ilipo. Nimetunga mfano ili tuone hatua kwa hatua. Tuseme waziri wa mkoa anatia saini arete inayokataza kuosha magari kandokando ya barabara kuu. Kifungu cha 3 kinakataza. Kifungu cha 7 kinasema mkosaji atafungwa mwaka mmoja na kulipa faini ya faranga 500 000. Kijana wa Katuba anakamatwa na ndoo yake, analetwa palke.

Hatua ya kwanza ni kuisoma arete yenyewe kwa macho yako, siyo kuisikia kwa OPJ. Soma ile mistari ya mwanzo inayotaja maandiko ambayo waziri anaegemea. Pale ndipo anaonyesha uwezo wake ulitoka wapi. Katika mfano wetu anataja edi ya Baraza la mkoa kuhusu usafi. Ni mwanzo mzuri, kwa sababu kifungu cha 204 cha Katiba kinaruhusu mkoa kuweka faini au kifungo ili edi zake ziheshimiwe, mradi ziendane na sheria ya taifa. Lakini anayeruhusiwa hapo ni Baraza, kwa edi.

Hatua ya pili, fungua edi hiyo utafute maneno aliyopewa waziri. Kama imeandikwa "waziri anapanga masharti ya utekelezaji", amepewa kazi ya kusema wapi, saa ngapi, kwa kibali gani. Hakupewa kifungo. Katazo la kifungu cha 3 linaweza kusimama. Adhabu ya kifungu cha 7 haina baba. Kama edi ingesema "anayekiuka edi hii au hatua zake za utekelezaji anafungwa hadi mwezi mmoja", basi adhabu ingekuwa ya mtunga sheria, na waziri angekuwa amejaza tu yaliyomo. Huo ni utaratibu wa kawaida: sheria inamwadhibu anayepuuza alama ya barabarani, mwingine anaamua alama isimame kona gani. Hata hapo, mwezi mmoja ni paa. Waziri akiandika mwaka mmoja, miezi kumi na moja ni yake mwenyewe na hakimu hawezi kuitoa.

Nchi nyingine zimeandika paa hilo wazi kwa mawaziri wote. Kenya, kwa sheria yake ya 2013 kuhusu kanuni za mawaziri, iliweka shilingi 20 000 au miezi sita, au vyote viwili. Waingereza, kwa sheria ya 1972 iliyowaingiza katika Jumuiya ya Ulaya, waliwakataza mawaziri kutumia uwezo waliopewa humo kuunda kosa jipya la kifungo kinachozidi miaka miwili. Kwetu paa la jumla limejificha mahali ambapo mastajieri hawaangalii, na hilo linanileta kwenye kosa linaloniuma.

4. Kosa linalowafunga wateja

Kosa lina sehemu mbili, na karibu kila mara zinakuja pamoja.

Sehemu ya kwanza ni kuamini kwamba kifungu cha 7 kikianguka, hakibaki kitu. Mwendesha mashtaka mzoefu atakuacha umalize, kisha atatoa dekre ya tarehe 6 Agosti 1922. Hiyo inaadhibu ukiukaji wa dekre, ordonansi, arete na kanuni za polisi ambazo sheria haikuziwekea adhabu maalum: kifungo kisichozidi miezi miwili na faini ndogo, au kimojawapo. Ni dekre ya wakati wa mfalme, kwa hiyo ni sheria. Wewe ulikuwa umesema hakuna adhabu hata kidogo. Sasa unaonekana hujui kodi, na hakimu anaacha kukusikiliza hata pale ulipokuwa na haki.

Itoe wewe kwanza, kwa sababu inakufaa. Soma kifungu cha 27 cha Kodi ya utaratibu wa jinai. Kumweka mtu mahabusu kabla ya hukumu kunahitaji dalili nzito na kosa ambalo sheria inaliadhibu kwa miezi sita au zaidi. Kama adhabu iko chini ya miezi sita lakini inazidi siku saba, mahabusu inawezekana tu ikiwa kuna hofu ya kutoroka, au utambulisho wake una shaka, au usalama wa umma unadai hivyo kwa sababu nzito na za pekee. Kwa mwaka mmoja wa waziri, kijana wetu anakaa ndani kwa utaratibu wa kawaida. Kwa miezi miwili ya 1922, palke inapaswa kueleza kwa nini kijana mwenye kadi ya mpiga kura, mwenye nyumba inayojulikana Katuba na mama aliyesimama mlangoni, anaogopwa kutoroka. Ile hesabu ya adhabu mnayoidharau ndiyo inayofungua mlango, tena siku ile ile, kabla kesi haijaanza.

Sehemu ya pili ni kukimbilia kifungu cha 162. Kinapendeza: unasimama, unainua pingamizi la kutoafikiana na Katiba, mahakama inasimamisha kesi na kupeleka swali Mahakama ya Katiba. Ila Mahakama ya Katiba iko Kinshasa. Kesi imesimama, na mteja wako kama yuko mahabusu amesimama nayo. Umempatia mwenyewe miezi ambayo arete peke yake isingempatia.

Wakati huo huo kifungu cha 153 kiko mezani. Kinaamuru mahakama zitumie matendo ya serikali kwa kadiri tu yanavyoafikiana na sheria. Hakimu wa mahakama ya amani, anayesikiliza makosa ya hadi miaka mitano, anaweza yeye mwenyewe kukataa kutumia kifungu cha 7 katika kesi hii, asubuhi hii. Hakibatilishi. Anakiweka kando kwa mtu huyu, na hicho ndicho mtu huyu anachohitaji. Kubatilisha arete ya serikali kuu kwa watu wote ni kazi ya Baraza la Nchi. Kwa mamlaka za mkoa ni ya mahakama za utawala. Ni kazi nzuri, ifanye baadaye mteja akiwa nyumbani.

Lini basi 162? Pale ambapo ubaya uko katika sheria yenyewe. Sheria ikiandika "waziri ataweka makosa na adhabu" bila kusema katazo gani wala paa gani, arete inaafikiana nayo kikamilifu, na kifungu cha 153 hakikusaidii tena. Aliyekosea hapo ni mtunga sheria, aliyegawa kitu ambacho kifungu cha 122 kilimpa yeye ashike. Hapo nenda Kinshasa, lakini omba kwanza mteja aachiliwe kwa muda.

5. Mengineyo kwa ufupi

Andika ombi lenye ngazi: kwanza adhabu ya arete iwekwe kando kwa 153, kisha, hakimu akiona bado kuna kosa, isizidi miezi miwili.

Hesabu saa 48 za kifungu cha 18 tangu alipokamatwa barabarani, siyo tangu jina lilipoandikwa kwenye daftari.

Na kuhusu faini inayolipwa mbele ya OPJ ili kesi iishe: kifungu cha 9 cha Kodi ya utaratibu kinamruhusu kuipendekeza, lakini isizidi faini ya juu kabisa ya kosa husika, na pesa ni ya Hazina. Muulize namba ya kifungu cha sheria, siyo cha arete. Akitaja kifungu cha 7, faranga 500 000 hazina msingi. Mwonyeshe kwa upole 1922, na usiondoke bila risiti.