Fakture moja, milango tano: namna ya kugawanya kura mpaka franga ya mwisho ionekane

Wewe mwenye wamekupa kaye ya parsele mwezi huu, ama wamekuweka kwa kontabilite wakakuambia ugawanyie maservisi fakture ya kura, naandika juu yako. Hii kazi nimeifanya hapa Bukavu miaka sita, na mwaka wa kwanza niliifanya vibaya. Kugawanya yenyewe haiko nguvu. Nguvu iko kwa zile franga kidogo za mwisho, juu hesabu inakuambia mutu alipe 24 940 lakini kwa mulango hakuna mwenye atakupatia arobaini, kwetu tunalipana kwa noti za mia na kupanda. Basi lazima u-arondi kwa mia, na pale njo balokatere wanaanza kugombana.

Nikupe mwezi mmoja mzima ili uone. Fakture ilikuwa 77 400. Tuko milango tano, kila mulango iko na kakonteri kake, na ile tarehe tulisoma vyote asubuhi moja: mulango wa 1 kilowati 58, wa 2 ni 41, wa 3 ni 34, wa 4 ni 27, wa 5 ni 20. Jumla 180. Konteri kubwa ya inje ilionyesha 189.

Hapa njo fasi ya kwanza wapya wanaanguka. Wanaona 189 kwa konteri kubwa, wanagawanya 77 400 kwa 189, wanapata bei, kisha wanaipiga mara kilowati za kila mulango. Wakijumlisha wanakosa karibu 3 700, na wanafikiri kuna mwenye hajalipa. Hakuna mwenye hajalipa: zile kilowati 9 ni taa ya kiwanja na kura yenye inapotea kwa nyaya, hazina mulango, basi hazina mwenye kuzilipa. Gawanya kwa jumla ya vikonteri, yaani 180, na zile 9 zitaingia zenyewe kwa kila mutu kadiri anavyotumia. Lakini ziandike kila mwezi. Kama kutoka 9 unaruka kwa 30 na taa ni ile ile, ambia watu wote wazime kila kitu, simama mbele ya konteri kubwa, angalia kama katala kanaendelea kuwaka-kuzima. Kama kanaendelea mbio, kuna waya imeshikwa mbele ya kikonteri cha mutu.

Sasa 77 400 kwa 180 inatoa 430 kwa kilowati. Siku hii ilikuwa namba safi, siku zingine itakuwa na mikia, na ile mikia usiikate, wacha bei na virgule zake zote, ukate tu kwa mwisho. Mulango wa 1 anapata 24 940, wa 2 anapata 17 630, wa 3 ni 14 620, wa 4 ni 11 610, wa 5 ni 8 600. Jumla 77 400, sawa kabisa. Tatizo inaanza ukiarondi.

Ukiarondi kila mutu kwa mia yenye iko karibu unapata 24 900, 17 600, 14 600, 11 600 na 8 600. Jumlisha: 77 300. Umekosa mia, na mwenye kuenda kulipa njo ataitoa mufukoni. Ukiogopa hiyo na ukapandisha wote juu, unapata 77 700, kuna mia tatu zimezidi, na mwezi kwa mwezi watu watauliza zinaendaka wapi, na wako na haki ya kuuliza.

Mimi nilichagua njia ya tatu, yenye wengi kwa buro wanaifanya mpaka leo: unaarondi wa kwanza mpaka wa ine, wa mwisho unamupa chenye kinabaki. Totali inakuwa sawa, unafurahi. Lakini angalia mulango wa 5. Hesabu yake ilikuwa 8 600 kamili, haina hata franga ya kuarondi, na mimi namuandikia 8 700 juu tu alikuwa wa mwisho kwa liste. Yule mama alikuja na karatasi yake, ameandika 20 mara 430 na biki nyekundu, akaniambia: "Muwana wangu, hii mia ni ya nani?" Sikuwa na jibu. Nilimurudishia palepale.

Basi fanya hivi. Kwanza shusha kila mutu kwa mia ya chini, hata mwenye iko na tisini na tisa. Kwa eksele yenye iko kwa kifaransa, kama hesabu kamili iko kwa `C2`:

```
=ARRONDI.INF(C2;-2)
```

Hapa inatupa 77 300, imebaki mia moja ya kugawa. Kisha angalia nani alikatwa sana: wa 1 alikatwa 40, wa 2 alikatwa 30, wa 3 ni 20, wa 4 ni 10, wa 5 haikukatwa kitu. Ile mia inaenda kwa mwenye alikatwa sana, mulango wa 1, analipa 25 000. Kama zingebaki mia mbili, ya pili ingeenda kwa wa 2. Totali ni 77 400, na ukiulizwa mia ni ya nani uko na jibu.

Lakini yule wa mulango wa 1 anaweza kusema kila mwezi inaangukia kwake, na kama haumuhesabie anaweza kuwa na ukweli. Njo maana kaye yangu iko na kolone moja zaidi, naiitaka "imebaki". Unaandika hesabu kamili utoe chenye alilipa. Mulango wa 1 ni −60, wa 2 ni +30, wa 3 ni +20, wa 4 ni +10, wa 5 ni 0. Mwezi unaofuata unaanza na kuongeza hiyo kwa hesabu mupya mbele ya kushusha. Tuseme kila mutu ametumia kilowati zile zile za mwezi uliopita na fakture ni ile ile: wa 1 sasa ni 24 880, wa 2 ni 17 660, wa 3 ni 14 640, wa 4 ni 11 620, wa 5 ni 8 600. Ukishusha zinabaki mia mbili, mikia mikubwa ni 80 na 60, basi wa 1 analipa 24 900 na wa 2 analipa 17 700. Mia imehama yenyewe, haukuchagua mutu.

Kama fakture yenyewe iko na mukia, mfano 77 430, kusanya 77 500 na zile 70 ziandike kwa sanduku la parsele kama mulango wa sita, utazitoa kwa fakture yenye inakuja.

Mutu akihama, usifute "imebaki" yake kimya. Hamisha ile namba kwa sanduku, na mwenye anaingia aanze na 0. Ile kolone yote, pamoja na sanduku, ukiijumlisha lazima itoe ziro kila mwezi, na mimi naijumlishaka usiku mbele ya kupiga hodi kwa mulango wowote. Siku inatoa kitu kingine, sitoke, narudilia kusoma vikonteri kwanza, juu mara mingi ni namba moja nilikopia vibaya kwa giza.