Filta inakamata "tapeli" ila "mmenitapeli" inapita

"Wakuu msaada, peji yetu imechangamka sana siku hizi, posti moja komenti mia tatu na nusu yake ni matusi na watu wa mikopo feki. Nimejaza maneno kwenye listi ya kuzuia lakini bado yanapita, halafu kuna wateja wanasema wameuliza na hatujawajibu wakati mimi sioni swali lolote. Nakosea wapi?"

Mkuu hilo nimelipitia, nimesimamia peji yenye fujo kama yako miaka kadhaa na listi yangu ya kwanza ilikuwa takataka.

Shida kubwa ni Kiswahili chenyewe. Hizi filta zinatafuta neno kama ulivyoliandika, zikijitahidi sana zinashika na makosa madogo ya herufi, ila hazijui kwamba neno letu linabebeshwa vitu mbele na nyuma. Mimi niliandika "tapeli" nikalala usingizi. Kumbe watu wanaandika matapeli, utapeli, kitapeli, mmenitapeli, nimetapeliwa, yote hayo kwa filta ni maneno mengine kabisa yanapita tu. Kwa hiyo usikae chini kutunga listi kichwani, fungua komenti za wiki mbili zilizopita, kila neno baya likopi VILE VILE lilivyoandikwa, na ya kifupi na yenye @ katikati, ubandike. Facebook inakupa nafasi ya maneno 1,000, unatenganisha kwa mkato, hutamaliza haraka.

Na usikimbilie njia ya mkato. Kuna sehemu kama Discord unaweza kuweka nyota pande zote za neno ishike popote lilipo, yaani `*tapeli*` inamaliza familia nzima. Tamu hiyo. Nikanogewa nikaweka na `*mbwa*` kwa sababu watu walikuwa wanatukanana, ikaanza kuzuia kuombwa, kuimbwa, waliokumbwa... jamaa anaandika amekumbwa na tatizo anaomba msaada, anazuiwa kama katukana. Nyota weka kwenye neno refu, neno fupi liache lilivyo.

Sasa hao wateja wako. Nakubashiria umeweka neno moja moja la kawaida, kama "mkopo" au "pesa". Ukiweka "mkopo" peke yake umemficha na anayeuliza "mnatoa kwa mkopo?" ambaye ndo mteja wako. Weka fungu la maneno wanayotumia wale feki, "mkopo wa haraka", "mkopo bila dhamana", na uweke na "mkopo haraka" maana wakiruka "wa" fungu halishiki tena. Halafu wao lazima wakuvute nje ya peji, kwa hiyo vipande vya linki kama `wa.me` na `t.me` kwangu vilifanya kazi kuliko maneno yote.

Ila kosa lililoniuma ni lile "tapeli" lenyewe. Baada ya kuziba matawi yake yote peji ikatulia, nikajisifu. Kumbe kuna mtu kafungua peji feki kwa jina letu anakusanya hela za watu, na wafuasi wetu wanatupa taarifa kwenye komenti, "jamani kuna matapeli wanatumia jina lenu", na kila onyo linafichwa. Siku nne! Aliyeandika hajui, kwa sababu komenti ikifichwa Facebook yeye na marafiki zake wanaendelea kuiona kama kawaida, anadhani tumemdharau. Tangu hapo maneno ya malalamiko kama tapeli, wezi, feki siyaweki kabisa, nayasoma mwenyewe hata yakiudhi. Filta nimeiachia matusi na linki. Na kila asubuhi dakika kumi napitia zilizofichwa, admini bado unaziona, iliyoonewa naifungua naijibu hapo hapo. Hapo ndo utawakuta wateja wako.

Kuhusu kujaribu, usijaribu kwa akaunti ya admini, na usimtumie rafiki yako wa Facebook akuandikie tusi halafu uangalie kwa akaunti yako, utaiona na utadhani filta imekufa (mimi nilitumia akaunti ya mke wangu, nusu siku nahangaika na setingi ambazo hazina shida). Mtu mmoja aandike, mwingine asiyejuana naye kabisa ndo aangalie.

Instagram ni `Hidden Words` kwenye setingi, akili ni ile ile. Youtube neno lililo kwenye `Blocked words` komenti yake inashikiliwa ikisubiri uipitishe, hapo mwandishi hajibiwi mpaka uingie, na ukikaa siku 60 bila kuigusa imekwenda hiyo.

Anza kwa kutoa "mkopo" na "pesa" kwenye hiyo listi leo, kisha rudi kwenye posti tatu za mwisho uangalie zilizofichwa.