Mwanahisa, achana na picha ya miche: uliza bodi iliambiwa nini, na lini

Taarifa ya mwaka ya kampuni ikikufikia, ukafungua ukurasa wa uendelevu ukakuta picha ya mkurugenzi kashika jembe pembeni ya mche wa mwembe, ujue bado hujaambiwa lolote kuhusu fedha zako. Kupanda miti ni jambo jema, na madawati tunayogawa shuleni ni jambo jema pia. Ila vyote viwili havijibu swali la mwenye hisa: hali ya hewa ikibadilika, faida yangu inaguswa wapi, kwa kiasi gani, na wale niliowachagua kwenye bodi wamefanya nini?

Nimekuwa katibu wa kampuni kwenye kiwanda cha kubangua korosho hapa Mtwara kwa muda wa kutosha kujua jinsi ukurasa ule unavyopikwa. Mara nyingi huandikwa wiki ya mwisho, na mtu wa mahusiano, baada ya hesabu kwenda kwa mkaguzi. Sentensi yake maarufu ni hii: "Bodi inasimamia vihatarishi vya mabadiliko ya tabianchi kupitia kamati yake ya ukaguzi na vihatarishi." Hakuna anayeweza kuipinga, na hakuna anayeweza kuitumia kwa lolote.

Nieleze kwa mfano wa kiwanda kile. Namba nimezirahisisha ili hesabu isomeke, lakini mwendo wenyewe ndiyo ule ule.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipiga pwani yetu, mvua zikakata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara maeneo ya Somanga, Kilwa. Mabasi na malori yalikwama, picha zikazagaa kila kikundi cha WhatsApp. Kikao cha kamati kilichofuata kila mjumbe alikuja na Somanga mdomoni. Mzee mmoja, mjumbe wa siku nyingi, akaniambia, "Katibu, andika barabara namba moja kwenye rejista ya vihatarishi. Hii kila mtu kaiona."

Nikamjibu, "Sawa Mzee, ila naomba kwanza tuipigie hesabu."

Tukaipiga. Kiwanda kina tani 1,200 za korosho ghafi, zilizonunuliwa mnadani kwa wastani wa shilingi 3,000 kwa kilo. Hiyo ni bilioni 3.6, karibu yote mkopo wa benki, riba asilimia 15 kwa mwaka. Tuseme korosho zilizobanguliwa zimekwama wiki tatu, na malipo ya mnunuzi yamechelewa siku hizo hizo. Riba ya siku 21 kwa bilioni 3.6 ni kama shilingi milioni 31. Ongeza faini ya kuchelewesha mzigo na nauli ya kuzunguka njia nyingine, bado ni maumivu ambayo kampuni yenye faida ya milioni 600 kwa mwaka inayahimili.

Ndipo tukamwita mama anayesimamia ubora. Alikuja na trei mbili. Kazi yake ni kuchukua sampuli ya korosho ghafi, kuzikata moja moja, kutenga kiini kizuri na kilichooza au kusinyaa, kisha kupima uzito. Matokeo husomwa kwa paundi za kiini kizuri katika gunia la kilo 80. Wafanyabiashara wote wa korosho wanajua tofauti ya paundi 48 na paundi 45. Trei ya kwanza viini vilikuwa vyeupe, vimelijaza ganda. Ya pili, kutoka mzigo ulionyeshewa chini ya mkorosho kabla haujaokotwa, vilikuwa na madoa ya kahawia, vingine ukivibonyeza vinaingia kidole.

Magunia yetu ni 15,000. Ubora ukishuka kutoka paundi 48 hadi 45, kila gunia linapoteza kilo 1.36 za kiini. Kwa magunia yote ni zaidi ya tani 20. Kilo ya kiini ikiuzwa shilingi 15,000, hasara ni kama milioni 306. Nusu ya faida ya mwaka imeondoka, na hakuna hata mtu mmoja aliyepiga picha.

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe adui yuko ghalani."

Yuko ghalani na yuko shambani. Mkorosho wetu hutoa maua wakati wa kiangazi, kuanzia kama Juni hadi Septemba. Unyevunyevu na mawingu ya muda mrefu kipindi hicho huleta ugonjwa wa ubwiriunga, ndiyo maana mkulima hupuliza salfa. Korosho zenyewe huanguka kuanzia Oktoba. Msimu wa mvua ukiwahi, zinakutwa chini. Kwa hiyo kihatarishi cha tabianchi cha kiwanda cha korosho Kusini kina tarehe. Bodi isiyokutana katika tarehe hizo haisimamii kitu, hata kama hati ya kamati imeandikwa na wakili wa bei mbaya.

Hapa ndipo ushauri wangu wa kwanza kwa wakurugenzi unapotoka. Kabla ya kuandika taarifa, badilisheni kalenda. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kwa mikoa inayopata mvua mara moja kwa mwaka, ikiwemo Mtwara na Lindi, kabla msimu wenyewe haujaanza. Sisi tulikisogeza kikao cha robo ya mwisho kikae baada ya utabiri huo, minada ikiwa ndiyo inaanza. Menejimenti ikatakiwa kuleta karatasi ya kurasa mbili tu: utabiri unasemaje, wastani wa paundi kwa kila ghala tulilonunua, unyevu wa korosho zinapopokelewa, na milioni ngapi ziko hatarini kwa kila paundi moja inayoshuka. Kwa mfano wetu, paundi moja ni kama milioni 102. Mkurugenzi asiyejua korosho kabisa anaielewa namba hiyo.

Pili, kikao kitoe uamuzi. Wetu ulikuwa wa kusogeza manunuzi yaende zaidi kwenye minada ya mwanzo, kuweka kiwango cha paundi ambacho chini yake meneja hanunui bila kibali cha kamati, na kujenga sakafu ya kuanikia yenye paa. Yule wa fedha aliguna, kwa sababu kununua mapema ni kukopa mapema na riba inaanza kutembea. Ni kweli, na ni gharama halali ya kuandikwa. Wenye hisa wanatakiwa kujua kwamba bodi ilipima mambo mawili ikachagua moja.

Sasa taarifa yenyewe. Viwango vya kimataifa vya taarifa za uendelevu, IFRS S1 na IFRS S2, vilivyotolewa Juni 2023, vinauliza kuhusu bodi maswali ya mtu mwenye akili timamu: ni chombo gani kinachosimamia vihatarishi hivi, jukumu hilo limeandikwa wapi, wajumbe wana ujuzi au wameupata vipi, wanaarifiwa kwa njia gani na mara ngapi, wanavizingatia vipi wanapoamua mikakati na miamala mikubwa, na wanafuatiliaje malengo, ikiwemo kama yanagusa malipo ya vigogo. Hata kama kampuni yako haijabanwa navyo, maswali hayo yanatosha kuwa kiunzi. Kwa benki, Benki Kuu ya Tanzania ilishatoa mwongozo wake wa vihatarishi vya kifedha vya tabianchi mwaka 2022, kwa hiyo usishangae benki inayokukopesha ikianza kukuuliza mambo haya kabla ya mwanahisa yeyote.

Ile sentensi maarufu tuliifuta, tukaandika kitu cha namna hii: "Kamati ya ukaguzi na vihatarishi ilipokea taarifa ya hali ya hewa na ubora wa korosho katika kila robo. Kikao cha Novemba kiliona kwamba kila paundi moja inayopungua kwenye ubora hupunguza mapato kwa takriban shilingi milioni 102, kwa kiwango cha sasa cha manunuzi. Bodi iliidhinisha kuongeza manunuzi ya mwanzo wa msimu, huku ikikubali ongezeko la gharama za riba." Kila neno pale lina muhtasari wa kikao nyuma yake. Mimi kama katibu nilikuwa naandika namba ya muhtasari pembeni ya kila sentensi kwenye rasimu. Sentensi isiyopata namba inatoka.

Utasikia pingamizi moja kila mwaka: "Tukiweka namba, washindani watatusoma." Viwango vinaruhusu kuficha habari nyeti za kibiashara zinazohusu fursa, na hata hapo kwa masharti. Kihatarishi hakina kichaka hicho. Kilichopo ni kwamba kama athari haiwezi kutenganishwa na mambo mengine, au makadirio yake yana mashaka makubwa mno, unaruhusiwa kutoweka namba, lakini useme kwa nini na ueleze athari kwa maneno. Kunyamaza tu hakumo.

Kuna jambo jingine ambalo wakaguzi wazuri hulikamata na wanahisa wengi hulipita. Soma ukurasa wa uendelevu, kisha nenda kwenye maelezo ya hesabu, sehemu ya bidhaa zilizo ghalani. Kama ukurasa wa kwanza unasema mvua zilishusha ubora, halafu ghala limethaminiwa kana kwamba kila gunia litatoa paundi 48, kampuni moja ina akili mbili. Makadirio ya pande zote mbili yanatakiwa kuendana kadiri inavyowezekana. Mzigo wa chini ya ubora unaweza kulazimika kushushwa thamani ufikie bei halisi utakayouzia ukitoa gharama, na hiyo inakula faida ya mwaka huu huu, si ya mwaka 2050.

Kuhusu moshi wa boila na umeme tunaotumia sitakaa sana. Vinapimwa na vinaandikwa, na kiwanda kinachochoma maganda ya korosho badala ya kuni kina la kusema. Lakini nimeona kampuni ikijaza kurasa tano za gesi joto na mstari mmoja wa ghala, wakati fedha za wanahisa zimelala ghalani.

Wewe mwanahisa mdogo, hisa zako mia mbili zinakupa haki ya kuuliza kwenye mkutano mkuu. Usiulize "mnafanya nini kuhusu tabianchi", utajibiwa kwa dakika kumi za miche. Uliza ni kikao gani cha mwaka huu ambacho bodi ilipokea makadirio ya hasara kwa shilingi, na uamuzi upi ulibadilika baada ya hapo. Kisha uliza kama mkaguzi wa nje aliugusa ukurasa huo au alikagua hesabu tu. Mara nyingi ni hesabu tu, na ni haki yako kulijua. Peleka maswali kwa katibu kwa barua siku kadhaa kabla ya mkutano, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi, ili jibu liandaliwe na liingie kwenye muhtasari.